Rafiki wa baba: aandikwe na 's au bila?

“Mwalimu, natafsiri hadithi fupi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Niliandika ‘a friend of my father’, mhariri akaongeza 's mwishoni, ikawa ‘a friend of my father's’. Mimi naona of ni ‘wa’, na hiyo 's nayo ni ‘wa’, kwa hiyo tumesema rafiki wa wa baba. Ukurasa uliofuata nikamuiga, nikaandika ‘a leg of the table's’. Akaifuta 's. Shuleni tulifundishwa kwamba 's ni ya watu na of ni ya vitu, basi. Nishike lipi?”

Mhariri wako hakujichanganya, na wewe mara ya kwanza hukukosea. “A friend of my father” ni Kiingereza safi, na wapo waandishi wazuri wanaoandika hivyo siku zote. Alichofanya ni kuchagua umbo ambalo wazungumzaji wengi hulisema bila kufikiri. Ila “a leg of the table's” ni kosa kweli, na hapo hakuna wa kukutetea. Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ndiyo inayobeba jibu lako lote.

Kwanza tuiondoe njiani ile kanuni ya shuleni. Nami niliwahi kuifundisha, tena kwa kujiamini, mpaka mwanafunzi mmoja aliponisomea kichwa cha habari chenye “today's weather” akaniuliza leo ni mtu gani. Sikuwa na jibu. Waingereza husema “today's newspaper”, “two weeks' leave”, “the earth's surface”, “the ship's crew”, na hakuna hata mtu mmoja mwenye mali humo. Kwa upande mwingine husema “the death of the king” na “the children of the poor”, na hao wote ni watu. Kanuni yako ina chembe ya ukweli: mwenye kitu akiwa mtu au mnyama, mizani huelekea 's, akiwa kitu kisicho na uhai, huelekea of. Lakini ni mwelekeo tu, na kuna mambo mengine yanayousukuma huku na huku.

Jambo linalosukuma kwa nguvu kuliko yote pengine ni urefu. Kiingereza hupenda kutanguliza kifupi na kinachojulikana, kisha kufuatisha kirefu na kipya. Baba ni neno fupi na msomaji anamfahamu, kwa hiyo “my father's car” hutoka bila shida. Sasa jaribu gari la yule mwanamke aliyetuuzia nyumba mwaka jana. Ukisema “the woman who sold us the house last year's car”, msikilizaji atadhani ni gari la mwaka jana. Hapo hata kama mwenye gari ni mtu kamili mwenye mikono na miguu, of ndiyo ya kukuokoa: “the car of the woman who sold us the house last year”.

Sisi tuliokulia Kiswahili tuna mtego wetu hapa, na unatokana na mpangilio wa maneno. “Gari la baba” lina gari mbele na baba nyuma, na “the car of my father” ina mpangilio huohuo, neno kwa neno. Kwa hiyo mkono unaandika of kabla kichwa hakijaamua. Sentensi haiwi mbovu kisarufi, lakini inasikika nzito, kama mtu anayesoma hati mahakamani. Kwa mmiliki mfupi aliye mtu, zoea kugeuza: “my father's car”. Ukifanya hivyo peke yake, nusu ya masahihisho ya mhariri wako yatatoweka.

Lakini hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Ukiigeuza “rafiki wa baba” hivyohivyo utapata “my father's friend”, na hiyo haina maana sawa na uliyoandika. Kiswahili hakina “a” wala “the”. Tukisema “rafiki wa baba alikuja”, huenda ni rafiki fulani tusiyemjua, huenda ni yule tuliyekuwa tukimzungumzia tangu asubuhi. Muktadha ndio unaotuambia. Kiingereza hakiruhusu kuliacha jambo hilo hewani. Mbele ya kila nomino ya umoja inayohesabika kuna kiti kimoja, na sharti kikaliwe na neno linaloeleza kama kitu hicho kinajulikana au hakijulikani: “a”, “the”, “this”, “that”, “some”, “every”. Anakaa mmoja tu. Huwezi kusema “the this book”, ingawa sisi tunasema “kitabu hiki hiki” na kuongeza “changu” bila wasiwasi.

Jambo ambalo vitabu vingi vya shule huliruka ni kwamba mmiliki mwenye 's naye hukaa kwenye kiti hichohicho. Katika “my father's friend”, maneno “my father's” yamekalia nafasi ya “the”, na yanafanya kazi yake pia. Anayesema “my father's friend came yesterday” anasikika kama mtu anayedhani tayari unajua ni rafiki yupi, kana kwamba baba ana mmoja au huyo amekwisha kutajwa. Ukianza hadithi kwa sentensi hiyo, msomaji anarudi juu kutafuta kilichompita. Na ukitaka kurekebisha kwa kuongeza “a” mbele, unakwama: “a my father's friend” ni sawa na watu wawili kugombea kiti kimoja.

Suluhisho la Kiingereza ni kumwondoa mmiliki kitini na kumpeleka nyuma ya nomino. Kiti kikishakuwa wazi, “a” inakaa: “a friend”. Baba anafuata nyuma akishikwa na of, na anakuja bado amevaa 's yake: “a friend of my father's”. Sababu hiyohiyo ndiyo inayozaa “this book of my sister's”, “two friends of his”, “no friend of mine”, “some ideas of the teacher's”. Popote kiti kinapohitajika kwa neno jingine, mmiliki anahamia nyuma.

Utauliza kwa nini 's isiachwe njiani, maana of ipo. Angalia viwakilishi, maana vyenyewe havifichi kitu. Hakuna anayesema “a friend of me”. Wote husema “a friend of mine”, na “mine” ni umbo la kumiliki, sawa na “his”, “hers”, “yours”. Kwa maneno mengine, kwenye viwakilishi umiliki huo unaouona umerudiwa mara mbili ni wa lazima, na hakuna anayelalamika. “A friend of my father's” ni umbo lilelile, isipokuwa pale pa “his” pamekaa “my father's”. Kwa nomino, desturi imelegea, ndiyo maana “a friend of my father” nayo inapita. Umbo hili si la mitaani wala la juzi; lina zaidi ya miaka 600 katika maandishi ya Kiingereza.

Kuhusu “rafiki wa wa baba”: hesabu yako ingekuwa sahihi kama of na 's zingefanya kazi moja. “Wa” yetu hubeba kila kitu peke yake, na hubadilika kufuata ngeli ya kinachomilikiwa: gari la, kiti cha, nyumba ya. Katika umbo hili la Kiingereza kazi zimegawanywa. Of inaunganisha nomino mbili tu, na 's inaeleza kuwa wa pili ana wa kwanza, ni wake. Asili ya of yenyewe haikuwa umiliki. Ilikuwa “kutoka”, na ni ndugu wa damu wa neno “off”. Umiliki katika Kiingereza cha kale ulibebwa na kiambishi tamati, na kwa nomino nyingi kilikuwa -es, ambacho ndicho kilichosinyaa kikawa 's ya leo. Of ilianza kushika kazi hiyo kwa wingi baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakati Kifaransa chenye “de” yake kilipokuwa lugha ya wakubwa.

Vitabu vingine hueleza kwamba “a friend of my father's” ni kifupi cha “one of my father's friends”, yaani kuna kundi la marafiki na tumemchomoa mmoja. Maelezo hayo husaidia mara ya kwanza, kisha huvunjika. Watu husema “that long nose of his”, na hakuna mwenye pua tatu. Husema “that husband of hers” kwa mwanamke mwenye mume mmoja, mara nyingi kwa sauti ya kuchoka naye. Kwa hiyo usijenge kanuni yako juu ya kundi. Ijenge juu ya kiti: “that” imekikalia, kwa hiyo mwenye pua amelazimika kwenda nyuma. Na hiyo sauti ya kuchoka ni ya kuzingatia katika tafsiri. “That dog of my neighbour's” mara nyingi hubeba kero au utani, kama sisi tunavyosema “hilo jibwa la jirani”. Ukitaka kutaja mbwa tu, bila kumlaumu, andika “my neighbour's dog”.

Kuna mahali 's hiyo ya mwisho haibadilishi ladha tu, inabadilisha habari. Chukua “picha ya babu”. Kwa Kiswahili maneno hayo yana maana tatu angalau: picha inayoonyesha sura ya babu, picha ambayo babu anaimiliki, au picha ambayo babu mwenyewe aliipiga au kuichora. Kiingereza hutenga. “A picture of my grandfather” ina uso wa babu ndani yake. “A picture of my grandfather's” ni mali yake au kazi ya mkono wake, na ndani yake huenda mna meli au kuku. Ndivyo pia “a criticism of the teacher”, ambapo mwalimu amekosolewa, na “a criticism of the teacher's”, ambapo mwalimu ndiye aliyekosoa. Mfano ambao wanafunzi wangu hawausahau ni wa mfupa: “a bone of the dog's” ni mfupa anaoutafuna mbwa, lakini “a bone of the dog” unatoka mwilini mwake.

Hapo ndipo ninapokuwa mkali. Kwa rafiki, jamaa na jirani, kuandika au kuacha 's ni hiari yako, maana rafiki haonyeshi sura ya baba na hakuna maana ya pili ya kuchanganya. Kwa picha, sanamu, habari, simulizi, lawama na sifa, si hiari. Kabla hujaandika jiulize: mtu huyu yumo ndani ya kitu hicho, au yuko nje akikimiliki?

Kipimo cha haraka ni kubadilisha nomino iwe kiwakilishi na kusikiliza. “A picture of him” na “a picture of his” zote zinasemeka, zikiwa na maana mbili. Chagua unayoikusudia kisha rudisha babu mahali pake, na 's au bila. “A friend of his” inasemeka, “a friend of him” haisemeki. Kwa hiyo 's inafaa kwa rafiki. Sasa jaribu meza yako. “A leg of its”? Haipo kabisa, hakuna anayeisema. Kwa hiyo “a leg of the table's” nayo haipo. Mhariri wako huenda hakupitia hatua hizo, alisikia tu, lakini alisikia jambo hilohilo.

Meza inatuonyesha mpaka wa kwanza wa umbo hili: mmiliki anayebaki na 's baada ya of sharti awe mtu, au mnyama tunayemchukulia kama mtu. Vitu hubaki na of peke yake. Taasisi pia kwa kawaida hubaki hivyo. “A member of the committee” haihitaji nyongeza. Mpaka wa pili ni kwamba mmiliki awe anajulikana. “A friend of my father's” ni sawa kwa sababu baba yangu ni mmoja na anafahamika, lakini mtu asiyejulikana hukaa vizuri bila 's, kama katika “a friend of a friend”. Na ule urefu niliokutajia unarudi hapa pia: “a friend of the man who repaired the roof” iishie hapohapo, usitafute pa kubandika 's.

Mpaka wa tatu huwaponza hata waandishi wazoefu. Kiti kikishikwa na “the” peke yake, umbo hili halikai: “the friend of my father's came” inasikika pungufu, kwa sababu kama anajulikana hivyo, “my father's friend” ingetosha na hakukuwa na haja ya kumhamisha baba. Lakini ukiongeza maelezo ya kumtambulisha, inasimama: “the friend of my father's who came yesterday”. Hapo “the” inategemea “who came yesterday”, na msikilizaji anajua ni rafiki yupi kati ya wote.

Tuyapitishe haya kwenye aya fupi inayofanana na unayotafsiri. “Rafiki mmoja wa baba alituletea picha ya babu. Fremu ya picha ilikuwa imepasuka. Mke wa rafiki huyo alisema picha hiyo ilitundikwa miaka mingi katika nyumba ya mwanamke aliyewahi kumfundisha.” Mfasiri anayefuata “wa” na “ya” kwa mkono mzito atatoa of nne au tano. Mimi ningeandika hivi:

“A friend of my father's brought us a picture of my grandfather. The frame was cracked. The friend's wife said it had hung for years in the house of a woman who had once taught her.”

Rafiki anaingia hadithini mara ya kwanza, “mmoja” imetuambia hivyo, kwa hiyo kiti ni cha “a” na baba yuko nyuma na 's. Babu yumo ndani ya picha, kwa hiyo of tupu. “Fremu ya picha” sikuitafsiri yote: Kiswahili kinarudia picha ili fremu iwe na mwenyewe, lakini Kiingereza kikiwa kimekwisha kutaja picha, “the frame” inatosha. “The frame of the picture” si kosa, ni uzito tu. Ungeweza pia kusema “the picture frame”, maneno mawili yaliyobanana bila of wala 's, ila hapo unataja aina ya kitu, kama vile “the kitchen door”. Hiyo ndiyo njia ya tatu ambayo “wa” na “ya” zetu huificha, nayo ndiyo inayofaa pale tunapotaja matumizi: kikombe cha chai kilicho tupu ni “a teacup”, na chenye chai ndani ni “a cup of tea”. Mke wa rafiki ana mmiliki mfupi aliyekwisha kujulikana, kwa hiyo 's. Nyumba ina mmiliki mwenye maelezo marefu nyuma yake, kwa hiyo of, ingawa ni mtu.

Kuhusu mahali pa kuweka ritifaa sitakaa sana. Umoja hupata 's, wingi ulioishia na s hupata ritifaa tu nyuma yake, na wingi usioishia na s hurudi kwenye 's: “my friend's”, “my friends'”, “the children's”. Kwa hiyo rafiki wa wazazi ni “a friend of my parents'”. Ukisema kwa sauti, masikio hayawezi kujua kama ritifaa ipo au haipo, na hata waandishi wenye uzoefu huiacha hapo mara nyingi. Mimi huandika “a friend of my parents” na kuendelea na safari. Majina yanayoishia na s, kama James, hutegemea mtindo wa mchapishaji. Uliza unautumia upi, kisha usiubadilishe katikati ya kitabu.

Ukikutana na sentensi ambayo kipimo cha kiwakilishi hakikupi jibu, isomee kwa sauti mtu aliyekua na Kiingereza, ukiwa naye ana kwa ana, bila kumwambia unachotafuta, kisha muulize ameelewa nini. Usimuulize “ni sahihi?”, maana atakujibu kwa kanuni aliyokaririshwa shuleni, na huenda ni ileile yako. Na ikiwa unachotafsiri ni wosia, mkataba au hati ya mali, usiegemeze haki ya mtu kwenye ritifaa. “A portrait of my mother's” na “a portrait of my mother” zinatenganishwa na alama moja ambayo mchapaji anaweza kuiangusha. Andika wazi “a portrait owned by my mother” au “a portrait showing my mother”, kisha mpe mwanasheria aisome kabla haijatiwa sahihi.

Kwenye hadithi yako, mwachie mhariri ile 's ya baba. Ila rudi ukurasa wa kwanza utazame kama mahali pengine umeandika “a friend of my mother” bila 's. Ukichagua moja, zifanane.